Ujaze Tangi Machakos ama Usubiri Namanga? Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kuondoka

Mteja wetu mmoja ana duka la nguo hapa Machakos, mwendo mfupi tu kutoka sokoni. Karibu kila mwezi anateremka Arusha na Probox yake kuleta vitenge. Majuzi alitupigia kuuliza ada ya kutuma pesa Tanzania, na kabla hajakata simu akaongeza swali lingine: "Na niambieni, hivi nijaze tangi hapa Machakos ama nisubiri nivuke Namanga? Bwana yangu anasema nijaze hapa, dereva wangu anasema nivuke. Mimi kila mmoja naona kama ako sawa."

Swali la mafuta si la huduma kwa wateja, lakini tuliona ni zuri, kwa sababu jibu lake nusu liko kwenye tangi na nusu liko kwenye simu. Tukakaa naye tukafanya hesabu yote. Hii hapa, ndio na wewe uweze kuifanya na gari lako.

Kwanza, jua bei mbili unazolinganisha

Kenya bei ya juu kabisa ya petroli, dizeli na mafuta ya taa hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, na hutumika kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Kila mji una bei yake kulingana na gharama ya kufikisha mafuta hapo. Tanzania kazi hiyo hufanywa na EWURA, ambao hutoa bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi. Wao pia hupanga bei kwa mji na wilaya. Mji wa Namanga upande wa Tanzania uko wilaya ya Longido, kwa hivyo ukisoma orodha yao usiangalie Dar es Salaam. Tafuta Longido na Arusha. Mwenye laini ya Tanzania anaweza kupiga *152*00# akafuata maelekezo, na ni bure. Kama una jamaa huko, mwombe akuangalizie.

Ona basi kwamba tofauti ya bei kati ya nchi hizi mbili inaweza kubadilika mara mbili kwa mwezi: mara moja wao wakitangaza, mara nyingine sisi tukitangaza. Jibu ulilopata safari iliyopita si lazima liwe jibu la leo.

Hapa chini tutatumia bei za mfano ili hesabu iwe rahisi. Tuseme petroli Machakos ni shilingi 184 kwa lita, na upande wa Tanzania ni shilingi 2,880 za Tanzania kwa lita. Wewe ukifika hapo weka bei za mwezi wako.

Bei ya kweli ni ile iliyotoka mfukoni mwako

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na hapa ndipo sisi tunaingia. Ukitafuta mtandaoni unaweza kuona shilingi moja ya Kenya ni shilingi 19.2 za Tanzania. Unagawanya 2,880 kwa 19.2, unapata 150. Unasema, aki lita ni 150 kule na hapa ni 184, nimeokoa 34 kwa kila lita! Polepole kwanza. Hakuna mtu atakupa 19.2. Hiyo ni bei ya katikati ambayo mabenki huuziana. Wewe utapewa ya chini kidogo, halafu kuna ada ya kutuma, na huenda kuna ada ya kutoa pesa kwa wakala kule.

Kwa hivyo sahau ile namba ya mtandaoni na ufanye kitu kimoja rahisi. Chukua shilingi zote za Kenya zilizotoka kwenye akaunti yako, pamoja na ada. Angalia shilingi za Tanzania zilizofika mkononi, baada ya kila kitu. Gawanya za Tanzania kwa za Kenya. Ukitoa 10,000 jumla na ukashika 180,000, basi kiwango chako wewe ni 18. Bei ya lita ni 2,880 ukigawa kwa 18, yaani 160. Tofauti yako na Machakos si 34 tena, ni 24. Bado ni nzuri, lakini kumi kwa kila lita imeliwa njiani.

Mteja wetu alikuwa amezoea kubadilisha pesa kidogo kidogo: elfu tatu akiondoka nyumbani, elfu mbili akifika mpakani, nyingine Arusha. Pale ambapo kila utumaji una ada yake, kutuma mara moja kiasi kinachotosha huwa na nafuu. Lakini pia usibadilishe kupita kiasi, maana ukirudi na shilingi za Tanzania na kuzibadilisha tena, unapoteza mara ya pili. Ndio maana inafaa kujua lita kabla ya kujua pesa.

Jambo lingine dogo: fanya shughuli ya kutuma kabla hujafika mpakani. Ukikaribia Namanga simu huanza kushika mtandao wa upande wa pili, na menyu ya huduma za pesa inaweza kugoma ama ujumbe wa kuthibitisha ukachelewa. Kajiado bado uko nyumbani kimtandao. Na kabla ya kubonyeza kutuma, soma jina la mpokeaji pamoja na kiasi atakachopokea, si kile unachotuma wewe pekee.

Sasa tangi na kilomita

Kutoka Machakos mjini unapitia Kyumvi, unaingia Mombasa Road hadi Athi River, halafu unakata kwenda Kitengela, Isinya, Kajiado, Bisil na Namanga. Ni kama kilomita 170. Kutoka Namanga hadi Arusha, ukipitia Longido, ni kama kilomita 110. Kwenda na kurudi, jumla kilomita 560.

Tangi la Probox yake ni lita 50. Usikisie la kwako, soma kwenye kitabu cha gari, maana hata magari ya jina moja hutofautiana kulingana na mwaka. Na gari lake linatembea kilomita 14 kwa lita likiwa na mzigo. Hiyo namba aliipataje? Alijaza tangi hadi pampu ikakata, akaandika kilomita za kwenye dashibodi, akafanya kazi zake za wiki nzima, akajaza tena hadi pampu ikakata. Akagawanya kilomita alizotembea kwa lita zilizoingia mara ya pili. Hii ndiyo njia ya kuaminika. Ile ya "hii gari hainywi mafuta" uliyoambiwa na aliyekuuzia, achana nayo.

Kwa hivyo Machakos hadi Namanga ni lita 12, na Namanga hadi Arusha ni lita 8, tukikaribisha. Safari nzima ni lita 40. Tangi ni 50. Yaani anaweza kujaza Machakos, aende Arusha na arudi bila kununua hata tone moja Tanzania. Hiyo ndiyo hoja ya bwana yake, na si hoja mbaya: hasimami popote na habadilishi pesa ya mafuta.

Tuseme anaondoka nyumbani tangi likiwa na lita 6, ambazo ni akiba yake. Akiba hiyo tunaishikilia kote kwenye hesabu. Lita 6 ni kama kilomita 84 kwa gari lake, inatosha ukikuta sheli moja haina mafuta ama stima imepotea. Usikubali kushuka chini ya hapo ndio uokoe mia mbili.

Mpango wa bwana: anaongeza lita 44 Machakos, tangi linajaa. 44 mara 184 ni shilingi 8,096. Anaenda, anarudi, ametumia 40, anafika nyumbani na lita 10.

Mpango wa dereva: Machakos anaongeza lita 12 pekee, shilingi 2,208. Anafika Namanga na zile 6 za akiba. Akishavuka anaongeza lita 16 za kwenda Arusha na kurudi mpakani, ambazo kwa 160 ni shilingi 2,560. Siku ya kurudi, kabla tu ya kuingia kwenye kituo cha mpaka, anajaza tangi kabisa: lita 44, shilingi 7,040. Anafika Machakos na lita 38 tangini.

Tulipomsomea jumla, mama alishtuka. Mpango wa bwana ni 8,096. Mpango wa dereva ni 11,808. "Sasa huyu dereva ananiambia nini?"

Subiri. Mpango wa dereva umemrudisha nyumbani na lita 38, ule wa bwana na lita 10. Hizo lita 28 za ziada angezinunua Machakos wiki hiyo hiyo kwa kupeleka bidhaa kwa wateja, na zingemgharimu 5,152. Ametoa 3,712 zaidi kupata mafuta ya 5,152. Tofauti ni shilingi 1,440. Unaweza kuipata kwa njia fupi pia: alinunua lita 60 Tanzania badala ya Machakos, na kila lita ilimwokolea 24. 60 mara 24, ni ile ile 1,440.

Kwa hivyo ukilinganisha, usiangalie tu pesa uliyotoa safarini. Hesabu na kilichobaki kwenye tangi ukifika nyumbani. Bila hivyo utadhani umepata hasara kumbe umefaidika, ama kinyume chake.

Angalia pia mahali pa kujaza mara ya mwisho. Watu wengi hujaza Arusha wakiondoka. Kufika mpakani, lita 8 za bei nafuu zimeshachomeka, na nafasi yake tangini iko wazi tu. Ukiweka Arusha za kukufikisha na ukajaza pale Namanga, hizo 8 nazo zinavuka nawe. Kwa mfano wetu ni shilingi 192. Isipokuwa orodha ya EWURA ya mwezi huo ionyeshe Longido ni ghali kuliko Arusha kwa kiasi kikubwa, basi geuza.

Pesa ya kubadilisha sasa inajulikana. Lita 60 mara 2,880 ni shilingi 172,800 za Tanzania. Akitoa zile 10,000 na kushika 180,000, anabakiwa na 7,200 ya chai. Pesa ya vitenge ni hesabu nyingine.

Je, niende Namanga kununua mafuta tu?

Tuliulizwa hili na mwenzetu wa ofisini, ambaye alisikia 24 kwa lita akaona biashara. Kutoka Machakos, hapana kabisa. Kwenda na kurudi ni kilomita 340, lita 24. Hata ukitumia 12 za bei ya Machakos na 12 za bei ya kule, umechoma shilingi 4,128. Tangi lako limepokea lita 44 za bei nafuu, umeokoa 1,056. Umepoteza zaidi ya elfu tatu, na bado hujalipa bima ya kuvuka mpaka wala ushuru wa barabara na karatasi za gari la kigeni. Mteja wetu gharama hizo hazimsumbui kwenye hesabu hii kwa sababu anaenda Arusha hata hivyo, atazilipa akijaza Machakos au asijaze.

Ukitaka kujua mpaka uwe karibu kiasi gani ndio safari ya mafuta peke yake isikule, tumia hii:

```
km = lita x tofauti x km_kwa_lita / (2 x bei)
```

Lita ni zile zinazoingia tangini kule, na bei ni ya nyumbani. Kwa Probox yetu: 44 mara 24 mara 14, gawa kwa 2 mara 184. Unapata kama kilomita 40. Hapo ndipo unatoka sare, hujafaidika hata ndururu. Kajiado mjini ni mbali kuliko hapo. Mtu ambaye hesabu hii inamfaa ni yule anayeishi Namanga yenyewe, na yeye hakuhitaji sisi tumwambie.

Kuna wanaosema suluhisho ni kubeba jerikeni. Mafuta yaliyo ndani ya tangi la gari lenyewe ni ya safari. Ya kwenye jerikeni ni bidhaa, na forodha watakuuliza ushuru wake. Halafu petroli ndani ya gari lililofungwa, juu ya vitenge, kwa kilomita 170 za jua la Kajiado, wewe mwenyewe fikiria.

Pale kwenye pampu

Taja lita, usitaje pesa. Mmoja wetu alivuka mara ya kwanza akaegesha, akasema kama anavyosema nyumbani: "Weka ya elfu mbili." Mhudumu akamtazama kwa huruma. "Kaka, elfu mbili hata lita haifiki." Na kweli haifiki. Ukitaja lita 16, ni lita 16 kila nchi, na unajua kabla hajaanza kwamba utalipa 46,080.

Lita pia zinakusaidia kukagua. Kama tangi ni 50 na unajua umebakisha 6, basi haliwezi kupokea zaidi ya 44 na kitu kidogo kwenye shingo ya tangi. Mteja wetu anakumbuka sheli moja, hatutaitaja wala kusema iko upande gani, ambapo pampu ilisoma lita 51. Alilipa kwa sababu alikuwa na haraka na hakuwa amefanya hesabu ya kilichobaki. Siku hizi anaangalia sifuri kabla ya kuanza, na namba ikipita anayoitarajia kwa lita tatu nne, anauliza hapo hapo, risiti ikiwa mkononi.

Na wale wa kubadilisha pesa wanaokukimbilia dirishani kabla hujaegesha: wanaweza kukupa kiwango kizuri kwa mdomo, halafu noti zikahesabiwa haraka haraka. Ukibadilisha kwa pesa taslimu, ingia kwenye duka lenye leseni, hesabu mwenyewe na ugawanye tena. Ukipata 17 badala ya 18, lita imekuwa 169 na faida ya safari yake imeshuka kutoka 1,440 hadi karibu 900.

Mwezi ambao jibu linageuka

Bwana yake hakuwa amekosea kila wakati. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 shilingi yetu ilianguka hadi karibu 160 kwa dola moja, na ikanunua shilingi chache zaidi za Tanzania kuliko inavyonunua ikiwa na nguvu. Petroli ya kule haikuhitaji kupanda bei kwao ndio iwe ghali kwetu. Tuseme kiwango chako cha mfukoni ni 16: ile 2,880 inakuwa 180, na tofauti na Machakos ni shilingi 4 tu. Lita 60 zinakupa 240. Kwa pesa hiyo sisi tungejaza Machakos, tukaenda zetu bila kusimama mara mbili.

Kiwango kikishuka hadi 15, lita ya Tanzania inafika 192, na sasa mpango unageuka kabisa: jaza Machakos, uende na urudi bila kununua Tanzania, tangi likiwa karibu na akiba ukifika nyumbani. Wenye dizeli pia wafanye hesabu yao kando, kwa sababu pengo la dizeli si lazima lifanane na la petroli. Na wanaopitia Busia au Malaba wajue Uganda haina bei kikomo ya serikali, kila sheli hujipangia, kwa hivyo huko orodha ya kusoma hakuna. Pigia simu mtu aliye Tororo ama Jinja akuambie anaona nini kwenye bango.

Mteja wetu ameandika namba zake nne kwenye karatasi na kuibandika kwenye dashibodi: tangi 50, kilomita 14 kwa lita, 170 hadi mpakani, 110 hadi Arusha. Hizo hazibadiliki. Safari yake ijayo ni tarehe 16, na bei mpya za EPRA zitakuwa zimetoka tarehe 14, kwa hivyo jioni hiyo atakaa na bwana na dereva mezani, simu ikiwa katikati, wagawanye upya.